Tanbihi kwa Msomaji Asiyeweza Kwenda London

Kuna sentensi ambayo kila anayesoma kazi za wanafunzi wa historia ya pwani yetu atakutana nayo, leo kwa maneno haya, kesho kwa maneno mengine yanayokaribiana: "Kilwa ilianzishwa mwaka 957 na Ali bin al-Hasan, mwana wa mfalme wa Shirazi (Freeman-Grenville 1962)."

Kwa kanuni za chuo, sentensi hii haina kasoro. Ina dai, ina jina la mwandishi, ina mwaka, na mwishoni mwa kazi kitabu kimetajwa kwa ukamilifu wake. Msahihishaji ataweka alama ya vyema na kuendelea mbele. Mimi nataka tusimame hapa, kwa sababu ninaamini kwamba sentensi hii inamdanganya msomaji bila ya kuwa na neno moja la kubuni. Jambo linalomdanganya ni mabano.

Swali ninalolitafakari linaonekana dogo, kama la makarani: tutaje chanzo ndani ya mabano, katikati ya maandishi, au tuweke kinamba kidogo na kumpeleka msomaji kwenye tanbihi chini ya ukurasa? Na tukichagua tanbihi, imtosheleze msomaji kwa kutaja kitabu na ukurasa, au ieleze jambo? Wengi hulimaliza swali hili kwa kufuata mwongozo wa idara. Kwangu ni swali la haki. Tunapotaja chanzo tunamwambia msomaji: usiniamini mimi, nenda kaangalie. Basi ni lazima tujiulize kama kweli anaweza kwenda, na akienda atakuta nini.

Tuanze na mabano yenyewe yalikotoka. Mtindo wa kuandika jina na mwaka ndani ya mabano mara nyingi hurudishwa kwa Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika makala yake ya mwaka 1881 kuhusu mayai ya koa, yule konokono asiye na gamba. Mtindo huo ulikuwa mgeni machoni mwa wasomaji wake, kwa hiyo palipotokea mabano ya namna hiyo Mark aliweka pia tanbihi ya kueleza yanavyotumika. Mabano yalizaliwa yakiwa yameshikwa mkono na tanbihi.

Kwa kazi ya Mark mabano yalifaa sana. Katika elimu ya viumbe mwaka ni habari yenyewe. Unamwonyesha msomaji nani aliona jambo fulani kwanza na nani akaja baadaye na hadubini bora zaidi. Aliyeandika ndiye aliyeona. Na msomaji mwenye shaka hahitaji hata kitabu: akatafute koa, atazame mayai. Hali hizo tatu zikiwapo, yaani mwandishi ndiye shahidi, mwaka una maana, na jambo linaweza kuangaliwa upya, mabano yanatosha kabisa. Tanbihi juu yake ingekuwa kelele tu.

Sasa turudi Kilwa tuone hali hizo zinavyoporomoka moja baada ya nyingine.

Habari za watawala wa kwanza wa Kilwa tunazipata hasa katika maandishi mawili. La kwanza ni la Kiarabu, Kitab al-Sulwa, lililotungwa katika karne ya 16 na mtu ambaye jina lake halikutufikia. Nakala tuliyonayo ni ya mwaka 1877, kutoka Unguja. Ikafika kwa John Kirk, mwakilishi wa Uingereza huko, na kutoka kwake ikaenda London, iliko mpaka leo. Arthur Strong aliichapisha kwa Kiarabu katika jarida la huko mwaka 1895, na Freeman-Grenville akaiingiza kwa Kiingereza katika mkusanyiko wake wa hati za pwani mwaka 1962. Andiko la pili ni la Mreno João de Barros, ambaye katika kitabu chake kilichotoka Lisbon mwaka 1552 alifupisha habari za wafalme wa Kilwa kama zilivyowafikia Wareno.

Haya, uniandikie mabano. Jina gani, mwaka gani? Ukiweka 1895, unamfanya Strong kuwa msimulizi wa Kilwa, naye alikuwa mchapishaji. Ukiweka 1962, umekwenda mbali zaidi na kumpa nafasi hiyo mfasiri. Ukiweka 1877, unataja mwaka wa mnakili. Yule mtu wa Kilwa aliyeketi na kuandika habari za mji wake hana jina, na mwaka wake unajulikana kwa kukadiria, kwa hiyo hawezi kuingia kwenye mabano hata tukitaka. Mabano yanauliza maswali mawili tu, nani na lini, na wanaoweza kuyajibu vizuri ni wale walio karibu na mitambo ya kuchapa. Ndiyo maana ukisoma marejeleo ya historia yetu utadhani pwani hii haikuwa na mtu aliyeandika kabla ya wageni. Walikuwapo. Mtindo wa kutaja ndio usiokuwa na nafasi yao.

Kuna tatizo jingine, dogo lakini lenye sumu. Mwaka huohuo wa 1962 Freeman-Grenville alitoa vitabu viwili. Kimoja ni ule mkusanyiko wa hati, ambamo anatafsiri maneno ya watu wa kale. Cha pili ni historia ya pwani ya Tanganyika katika zama za kati, ambamo anatoa hoja zake mwenyewe, pamoja na hesabu za miaka ya kila mtawala. Katika mtindo wa mabano vitabu hivi hutenganishwa kwa herufi: 1962a na 1962b. Hebu fikiria. Tofauti kati ya maneno ya Kilwa na maoni ya mtaalamu wa Kiingereza juu ya maneno hayo, ambayo kwa mwanahistoria ni tofauti kubwa kuliko zote, imebebwa na herufi moja. Na mwandishi mvivu haiweki hata hiyo.

Ule mwaka wa 957 unatoka wapi basi? Ni hesabu ya Freeman-Grenville, aliyelinganisha orodha za watawala, miaka ya kutawala kwao na sarafu. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka mingi, hakukubaliana naye. Katika makala ya mwaka 1965 alihoji kwamba nasaba ile ya Kishirazi ilifika mwishoni mwa karne ya 12, na kwamba walikuja kutoka pwani ya Banadir, upande wa Somalia, si moja kwa moja kutoka Uajemi. Kati ya wataalamu hawa wawili pana pengo la zaidi ya miaka 200. Kisha mwaka 1984 ikapatikana hazina ya sarafu Mtambwe Mkuu, Pemba, zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, zilizofukiwa katika karne ya 11. Baadhi yake zina jina la Ali bin al-Hasan. Ikiwa ni mtu mmoja, basi tarehe ya Chittick imechelewa mno, na ile ya 957 bado haijathibitika.

Hayo yote yamo, au tuseme yamefichwa, ndani ya "(Freeman-Grenville 1962)". Msomaji anaona ukuta uliokwisha kupigwa lipu.

Hapa ndipo naona neno letu wenyewe linatufundisha zaidi ya miongozo ya vyuo. Tanbihi ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu, na asili yake ni kumzindua mtu, kumtahadharisha, kumwamsha aliyeghafilika. Halina maana ya kuonyesha kidole. Mtu anayesema "tanbihi!" anasema: angalia, hapa pana jambo. Kwa maana hiyo, tanbihi inayosema tu "Fulani, uk. 75" ni mabano yaliyoshuka chini ya ukurasa. Haijamzindua mtu.

Lakini sitaki kusema kila tanbihi ieleze. Kitabu chenye maelezo chini ya kila sentensi hakisomeki, na maelezo mengi mara nyingi ni mwandishi kutuonyesha alivyosoma sana. Inahitajika kanuni. Yangu nimeipima kwa miaka kadhaa ya kuhariri maandishi ya wengine, nayo ni hii: tanbihi ielekeze tu pale ambapo msomaji akikifikia chanzo atakuta kile anachokitarajia kutokana na sentensi. Ieleze pale ambapo atakuta kitu tofauti, au pale ambapo hawezi kukifikia.

Chukua sehemu ya kwanza ya kanuni. Nikiandika kwamba Chittick alidai nasaba ile ilifika mwishoni mwa karne ya 12, msomaji anatarajia akifungua makala ya Chittick akute Chittick akidai hivyo. Atakuta. Kuelekeza kunatosha, na mabano yanatosha. Lakini nikiandika kwamba "habari za Kilwa zinasema mwanzilishi alikuja na merikebu saba", msomaji atatarajia habari moja, kumbe ziko mbili na hazikubaliani. Andiko la Kiarabu linasimulia mtu na wanawe sita waliosafiri katika merikebu saba. Barros anasimulia mwana mmoja wa mtawala wa Shirazi, aliyedharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake alikuwa Mhabeshi, akaondoka Hormuz na merikebu mbili. Hizi si hesabu tu za merikebu. Ya kwanza ni habari ya ukoo mzima unaogawana pwani. Ya pili ni habari ya mtoto wa mama mweusi aliyekwenda kutafuta mahali ambapo hatadharauliwa. Ukiichagua moja kimyakimya na kuweka jina la mtaalamu ndani ya mabano, umemwamulia msomaji asili ya Waswahili bila ya kumwambia kwamba palikuwa na uamuzi.

Sehemu ya pili ya kanuni ni ya kufika. Anayeketi karibu na maktaba kubwa ya London akielekezwa kwenye hati, anaweza kuomba nafasi akaisoma. Mwanafunzi wa Lindi, au mwalimu wa Kilwa Masoko ambaye kutoka ufukweni kwake anakiona kisiwa chenyewe ng'ambo ya maji, hawezi. Jarida la mwaka 1965 huenda liko mtandaoni, lakini nyuma ya mlango wa malipo. Kumwandikia mtu huyu jina la hati na namba yake ni kumwelekeza kwenye mlango uliofungwa na kujisifu kwamba umemwonyesha njia. Kwake yeye tanbihi inapaswa kubeba kiasi fulani cha kile ambacho angekikuta: hati ni ya lini, ilipita mikono gani, inasema nini kwa muhtasari, na wapi wataalamu wanagombana. Ikibidi nukuu, inukuliwe kwa lugha anayoisoma.

Basi tuitengeneze ile sentensi. Jaribio la kwanza ni kuiacha juu kama ilivyo na kuweka tanbihi hii chini yake:

"Mwaka 957 ni hesabu ya Freeman-Grenville, haumo katika Kitab al-Sulwa wala kwa Barros. Chittick aliupeleka mwanzo wa nasaba hii mwishoni mwa karne ya 12. Sarafu za Mtambwe Mkuu, Pemba, zilizofukiwa karne ya 11, zina jina la Ali bin al-Hasan na zinaipinga tarehe ya Chittick, lakini hazithibitishi 957. Maandishi mawili ya kale yanatofautiana kuhusu mwanzilishi na safari yake."

Tanbihi ina maneno yapata 60, na kila sentensi ndani yake inambadilishia msomaji kiasi cha kuamini. Hakuna pambo. Hata hivyo bado haifai, na sababu yake ndiyo sehemu ninayoiona ngumu zaidi katika suala zima. Kwa nini sentensi ya juu iendelee kusema 957 kwa sauti ya uhakika, wakati chini ya ukurasa nakiri kwamba sina uhakika? Wasomaji wengi hawashuki chini. Wakinukuu, watanukuu sentensi. Tanbihi inaweza kuwa mahali pa kujificha: mwandishi anasema juu kile kinachopendeza, anasema chini kile kilicho kweli, na siku akikamatwa anakuonyesha chini. Hii kwangu ni mbaya kuliko kutoweka tanbihi kabisa, kwa sababu inaonyesha kwamba alijua.

Kwa hiyo kanuni inahitaji mpaka wa juu. Shaka inayogusa ukubwa wa dai inaweza kukaa chini. Shaka inayogeuza dai ipande juu, ndani ya maandishi. Kuipima ni rahisi: soma sentensi peke yake, kisha isome pamoja na tanbihi. Kama baada ya tanbihi sentensi bado ni ya kweli, tanbihi iko mahali pake. Kama tanbihi inaikanusha, rekebisha sentensi.

Pima neno "ilianzishwa". Andiko lenyewe la Kiarabu linasema kwamba wageni walipofika walikuta kisiwani Mwislamu aitwaye Muriri wa Bari, na msikiti ulikuwapo. Kisiwa kilinunuliwa kwa nguo kutoka kwa mtawala wa bara. Wachimbaji nao wamekuta makazi ya watu hapo kabla ya nasaba hiyo. Huwezi kuanzisha mji uliokuta watu wakisali. Hili si la kupelekwa chini. Neno lenyewe liondoke.

Sentensi yangu basi ingekuwa hivi: "Nasaba iliyojiita ya Kishirazi ilishika utawala wa Kilwa, mji uliokwisha kuwa na watu na msikiti, wakati fulani kati ya karne ya 10 na ya 12, mtawala wake wa kwanza anayejulikana kwa sarafu ni Ali bin al-Hasan." Ile tanbihi sasa inaweza kushuka chini ikae kwa amani, kwa sababu inaiunga mkono sentensi iliyo juu yake. Sentensi imepoteza mwaka mzuri wa kukariri, lakini kila kilichobaki kinaweza kusimama.

Mtu ataniambia kwamba ninadai mengi kwa mwanafunzi mwenye kurasa 10 na wiki moja, tena mwongozo wa idara yake unalazimisha mabano. Miongozo mingi ya mabano hairuhusu tu bali imeweka nafasi ya tanbihi za maelezo. Inachokataza ni tanbihi za kutaja vitabu. Mitindo hii miwili si maadui. Mabano yafanye kazi yake ya haraka kwa yale yasiyo na utata, na tanbihi tatu au nne katika kazi nzima zihifadhiwe kwa mahali ambapo mwandishi alilazimika kuamua. Ukisoma kazi ya mtu yenye mabano 60 bila ya tanbihi hata moja ya maelezo, juu ya jambo la miaka 1,000 iliyopita, una haki ya kushuku. Hakuna historia ya kale ambayo haikumlazimisha mwandishi kuamua kitu.

Linalonigusa karibu zaidi ni mahojiano na wazee. Tunaandika "(Mahojiano, Kilwa Kisiwani)" na tarehe, na basi. Msomaji hawezi kwenda popote. Hakuna maktaba ya kufunguliwa, na mzee huenda ameshafariki. Hapa kuelekeza hakuna maana yoyote, na maelezo ndiyo rejea yenyewe: alikuwa nani kwa maana ya ukoo na kazi kama aliridhia kutajwa, alilisikia kwa nani, aliulizwa swali gani, alijibu mbele ya nani, je, alikuwa amesoma vitabu vya shule vinavyosimulia habari hiyohiyo? Hilo la mwisho ni muhimu. Mzee anayekusimulia merikebu saba huenda ameipokea kwa babu yake, au huenda kwa mwalimu wa darasa la tano aliyeipata katika kitabu kilichotokana na tafsiri ya 1962. Ukimtaja kama shahidi wa pili, umehesabu sauti moja mara mbili.

Na sisi tunaoandika insha kama hizi, ambako hakuna mabano wala vinamba? Watu hudhani tumesamehewa. Naona tumebebeshwa zaidi, kwa kuwa hatuna chini pa kuteremshia shaka. Kwenye simu hata ukurasa hauna chini. Unasogeza kidole tu. Kila kitu lazima kikae ndani ya sentensi: nani kasema, aliandika akiwa wapi, nani anampinga. Yule mtu wa Kilwa asiye na jina hawezi kuingia kwenye mabano, lakini kwenye sentensi anaingia bila shida. Unaandika tu: mtu mmoja wa Kilwa, katika karne ya 16, aliandika hivi.